Mchanganyiko wa chakula cha mifugo kwa gharama ndogo: kitatuzi kinapogoma, na kinapokupa jibu lisilofaa

Kwenye karatasi tatizo hili halina makuu. Una malighafi kadhaa, kila moja ina bei na virutubisho vyake, na unataka mchanganyiko wa bei ya chini kabisa unaofikia viwango vya chini vya virutubisho bila kuvuka kiasi kilichopo ghalani. Gharama ni jumla ya bei mara kilo, na virutubisho navyo ni jumla ya asilimia mara kilo. Hakuna kinachozidishwa kwa mwenzake, kwa hiyo ni programu mstari halisi, na kitatuzi chochote cha kawaida hukupa jibu kabla hujapepesa macho. Shida huja baadaye, pale kitatuzi kinaposema hakuna suluhisho, au kinapotoa suluhisho ambalo mtu anayefuga hawezi kulikubali.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: tani moja ya chakula cha kuku wa mayai. Kilo 25 zimeshatengwa kwa fosfeti, chumvi na premiksi, na hizo zenyewe zinaleta takriban kilo 4 za kalsiamu. Zilizobaki ni kilo 975 za kugawa kati ya mahindi, mashudu ya soya, mashudu ya alizeti, chokaa na mafuta. Tunataka nishati isiyopungua megakalori 2750 kwa tani (yaani kilokalori 2750 kwa kilo), protini kilo 165, laisini kilo 7.5, na kalsiamu kilo 38 kwa jumla, hivyo kilo 34 zitoke kwenye malighafi tano, na kutoka humo kalsiamu isizidi kilo 38. Bei zote nimezipima kwa mahindi: kilo ya mahindi ni 1.00, soya 2.00, alizeti 1.10, chokaa 0.20, mafuta 4.00. Ukitaka kujaribu kwa bei zako, badilisha mstari mmoja tu.

```python
import numpy as np
from scipy.optimize import linprog
# mahindi, soya, alizeti, chokaa, mafuta
bei  = [1.00, 2.00, 1.10, 0.20, 4.00]
nish = np.array([3.35, 2.23, 1.55, 0, 8.80])
prot = np.array([0.085, 0.44, 0.32, 0, 0])
lais = np.array([0.0026, 0.027, 0.0105, 0, 0])
kals = np.array([0.0002, 0.003, 0.002, 0.38, 0])
nyuz = np.array([0.022, 0.07, 0.24, 0, 0])
A = np.array([-nish, -prot, -lais, -kals, kals, nyuz])
b = [-2750, -165, -7.5, -34, 38, 70]
mipaka = [(0, None), (0, None), (0, None), (0, None), (0, 30)]
j = linprog(bei, A_ub=A, b_ub=b, A_eq=[[1]*5], b_eq=[975],
            bounds=mipaka, method="highs")
print(j.status, j.fun, j.x)
```

Kabla ya dalili yoyote, tazama alama za hasi kwenye `A` na `b`. Kwenye `A_ub`, `linprog` inaelewa masharti ya "isizidi" peke yake. Sharti la "isipungue" lazima ligeuzwe alama pande zote mbili. Ukisahau, kiwango chako cha chini cha protini kinageuka kuwa cha juu, na kitatuzi kinakuletea kwa utii kabisa chakula cha bei rahisi kisicho na protini ya kutosha. Hakuna onyo litakalotokea. Ndiyo maana kila jibu nalirudisha kwenye majedwali: nazidisha kilo zilizopatikana kwa asilimia za virutubisho, najumlisha, kisha nalinganisha na mahitaji kwa macho.

Dalili: kitatuzi kinasema hakuna suluhisho

Kwenye `linprog` utaona `status` ikiwa 2. Wengi hukimbilia kulegeza masharti moja baada ya jingine hadi ujumbe utoweke. Usifanye hivyo kabla ya kukagua vipimo. Sababu inayoongoza ni protini iliyoandikwa 44 mahali pengine na 0.44 mahali pengine, au nishati ya malighafi iliyo kwa kilokalori huku mahitaji yako kwa megakalori. Kagua safu moja baada ya nyingine, ni kazi fupi.

Vipimo vikiwa sawa, basi masharti yenyewe yanagombana, na hapo inabidi ujue ni yapi. Chukua mfano wetu na uondoe mafuta, kana kwamba ghala halina. Kitatuzi kitagoma. Sababu yake inaonekana ukihesabu nafasi. Kalsiamu inadai takriban kilo 87 za chokaa, na chokaa haina nishati wala protini. Zinabaki kilo 888 za mahindi na soya. Ili protini ifike 165 zinahitajika kilo 252 za soya au zaidi. Lakini soya ina nishati ndogo kuliko mahindi, na ili nishati ifike 2750 soya haitakiwi kuzidi kilo 200 hivi. Namba moja haiwezi kuwa juu ya 252 na chini ya 200. Alizeti haisaidii, maana nishati yake ni ndogo zaidi.

Kwa mfano mdogo hesabu hiyo inafanyika kwa mkono. Kwa malighafi 20 na masharti 15, mwache kitatuzi akuonyeshe mwenyewe. Ongeza kwenye kila sharti la chini kigeu kimoja cha upungufu, kisichopungua sifuri, halafu badala ya kupunguza gharama, punguza jumla ya upungufu. Tatizo hili jipya halitagoma kwa sababu ya viwango vya chini, kwa kuwa kila upungufu una pa kuandikwa.

Lakini kuna mtego mmoja hapa ambao umepoteza watu wengi. Ukijumlisha upungufu kwa vipimo vyake vya asili, kitatuzi kitachagua njia yenye namba ndogo, hata kama ndiyo mbaya zaidi. Katika mfano wetu bila mafuta kuna njia tatu za kumaliza ugomvi: kupungukiwa megakalori 58 za nishati, au kilo 18.3 za protini, au kilo 6.1 za kalsiamu. Namba ndogo ni ya kalsiamu, na hiyo ndiyo kitatuzi kitakuelekeza. Gawa sasa kila moja kwa mahitaji yake: nishati inapungua kwa asilimia 2.1, protini kwa 11, kalsiamu kwa 16. Picha imegeuka kabisa. Tatizo ni nishati, na ni dogo. Kwa hiyo kigeu cha upungufu kizidishwe kwa kiwango kinachohitajika, ili kitatuzi kipime kila upungufu kama sehemu ya mahitaji. Kuku aliyepunguziwa kalsiamu kwa asilimia 16 hutaga mayai yenye ganda laini. Aliyepunguziwa nishati kwa asilimia 2 hula zaidi kidogo.

Ukishajua ni nishati, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kurudisha mafuta. Kitatuzi sasa kinatoa mahindi kilo 621.8, soya 254.9, chokaa 87.1 na mafuta 11.2, kwa gharama ya 1193.8. Ya pili ni kukubali nishati ya 2692 bila mafuta, kwa gharama ya 1157.5. Kwa tani, ya pili ni nafuu kwa asilimia 3. Lakini kuku wa mayai hurekebisha ulaji wake kufuata nishati, hivyo atakula karibu asilimia 2 zaidi. Gawa gharama kwa megakalori: 0.434 dhidi ya 0.430. Faida iliyobaki ni asilimia 1 hivi. Binafsi napenda kuangalia namba hii ya pili, kwa sababu bei ya tani peke yake huifanya nishati ndogo ionekane nafuu kuliko ilivyo. Na kama chakula kitaliwa zaidi, protini na kalsiamu navyo vinaweza kushushwa kwa uwiano uleule, na hapo masharti yote yanapata nafasi ya kupumua.

Dalili: gharama ni ndogo ajabu, na chokaa au pumba zimejaa

Sasa chukua hali iliyo kinyume. Umeshusha mahitaji ya nishati hadi 2600, alizeti haipo ghalani, na umeandika viwango vya chini tu, bila kiwango cha juu cha kalsiamu. Kwenye msimbo hapo juu ni sawa na kuandika 2600 badala ya 2750, kuweka mpaka wa alizeti kuwa `(0, 0)`, na kufuta safu ya `kals` isiyo na hasi pamoja na 38 yake. Kitatuzi kitaweka chokaa kilo 112.5 badala ya 87 zinazodaiwa na kiwango cha chini, na kalsiamu ya tani nzima itafika asilimia 4.8 badala ya 3.8. Gharama itakuwa chini kwa karibu 14 kuliko ile ya chokaa kilo 87.

Kitatuzi hakijakosea. Jumla lazima iwe kilo 975, chokaa ndiyo malighafi ya bei ya chini kuliko zote, na hakuna sharti linalosema imetosha. Kila nishati inapokuwa na ziada, kilo ya mahindi inatolewa na chokaa inaingia kujaza gunia. Kwa ndege, kalsiamu ya kupita kiasi hupunguza ulaji na huingilia ufyonzwaji wa fosforasi, lakini hayo hayamo kwenye hesabu mpaka wewe uyaandike.

Kipimo cha kuitambua hali hii ni rahisi: panga malighafi kwa bei, kisha uangalie kama zile mbili za chini kabisa zimefika kiasi ambacho hakuna sharti la kirutubisho linalokidai. Ikiwa kalsiamu imevuka kiwango cha chini kwa mbali, chokaa imegeuka kijazio. Pumba na alizeti hufanya vivyo hivyo kwa upande wa nyuzinyuzi, ndiyo maana safu ya `nyuz` ina kikomo cha kilo 70. Kwa kila malighafi ya bei ya chini, jiulize ni nini ndani yake kinachomdhuru mnyama kikizidi, na uandike kikomo cha hicho kirutubisho. Ni bora kuliko kuweka kikomo cha kilo kwenye malighafi yenyewe, maana kikomo cha kilo hakijui kama kalsiamu nyingine imetoka kwenye fosfeti au unga wa samaki.

Dalili: ghala linaisha kabla ya ratiba

Tuseme wiki hii unatengeneza tani 20 na una tani 4 za soya. Ni kawaida kukuta kikomo kimeandikwa `(0, 4000)`. Kitatuzi kinatengeneza tani moja, kinaona soya kilo 4000, kinachukua 254.9 na kuendelea. Kikomo hakikugusa kitu. Ukirudia mchanganyiko huohuo, tani ya 16 haitakamilika: 4000 ukigawa kwa 254.9 ni 15.7.

Kikomo cha ghala ni cha kipindi, na mchanganyiko ni wa tani. Lazima vikutane. Kama tani zote 20 ni za aina moja ya chakula, gawa tu: 4000 kwa 20 ni kilo 200 kwa tani, na mpaka wa soya uwe `(0, 200)`. Kama unatengeneza chakula cha aina mbili au tatu kutoka ghala moja, usigawe kwa kukisia. Andika vigeu vya kila chakula ndani ya tatizo moja, na sharti moja la ghala linalojumlisha soya ya vyakula vyote. Mara nyingi chakula kimoja kinaweza kuachia soya kwa hasara ndogo kuliko kingine, na mgawo wa kukisia hauwezi kuliona hilo.

Kwa kikomo cha 200 jibu linakuwa mahindi 568.9, soya 200, alizeti 89.5, chokaa 87.1, mafuta 29.5, na gharama 1202.8. Alizeti imeingia kuziba protini, na mafuta yamepanda kutoka 11.2 ili kufidia nishati ambayo alizeti haina.

Hapa ndipo bei kivuli inapokuwa na kazi. Chapisha `j.upper.marginals` na utaona soya ina takriban -0.16. Maana yake ni kwamba kilo moja zaidi ya soya ghalani ingepunguza gharama kwa 0.16, juu ya bei ambayo tayari ungeilipia. Kwa hiyo ukipata muuzaji wa dharura, soya inalipa hadi 2.16 kwa kilo. Zaidi ya hapo endelea na alizeti.

Ila usiichukulie namba hiyo kuwa ya kudumu. Inashikilia mradi tu masharti yaleyale ndiyo yanayobana. Ona mafuta: yako 29.5, na kikomo chake ni 30, kwa kuwa mafuta mengi huufanya unga ugandamane kwenye mashine. Punguza soya hadi 198 hivi na mafuta yanafika kikomo. Shusha hadi 195 na kitatuzi kinarudi kusema hakuna suluhisho. Kilo 5 tu zimekupeleka kutoka hasara ya senti chache hadi kukosa chakula kabisa. Kwa hiyo bei kivuli ya soya isomwe pamoja na nafasi iliyobaki kwenye vikomo vingine. Ukiona malighafi nyingine iko karibu na ukingo wake, endesha tatizo tena kwa viwango vitatu au vinne vya ghala, uone ukuta uko wapi.

Dalili: bei imesogea kidogo na mchanganyiko umebadilika wote

Rudi kwenye tatizo lisilo na kikomo cha soya. Alizeti kwa bei ya 1.10 haimo kabisa. Kwa 1.02 bado haimo. Ishushe hadi 0.99 na ghafla kuna kilo 92 za alizeti, soya imeporomoka hadi 198 na mafuta yako 30. Mwenye kinu huona hivyo akadhani programu imeharibika.

Suluhisho la programu mstari hukaa pembeni, pale masharti yanapokutana, na bei ikivuka kizingiti linaruka hadi pembe ya jirani. Halina mwendo wa kati. Idadi ya malighafi zinazotumika haiwezi kuzidi idadi ya masharti yanayobana. Ndiyo sababu mchumi George Stigler, alipotafuta mwaka 1945 mlo wa binadamu wa gharama ndogo kutoka vyakula 77, aliishia na vitano tu, vikiwemo unga wa ngano, kabichi na maharage makavu.

Kizingiti cha alizeti katika mfano wetu ni karibu 1.00. Unakipata kwa kutazama `j.lower.marginals`: kwa alizeti inaonyesha karibu 0.10, yaani bei lazima ishuke kwa kiasi hicho ndipo iingie. Namba hiyo ndiyo ya kumpelekea mnunuzi wako. Lakini swali muhimu ni kuku: kubadilisha alizeti kutoka sifuri hadi kilo 92 kwa siku moja kunaweza kupunguza ulaji, na akiba yenyewe karibu na kizingiti ni ndogo mno. Kwa bei ya 0.99 unaokoa 0.01 kwa kila kilo ya alizeti, yaani chini ya 1 kwa tani inayogharimu 1194. Weka kikomo cha mabadiliko: alizeti isizidi kiasi cha wiki iliyopita kwa zaidi ya kilo 30, tuseme. Ni sharti la mstari kama mengine, na gharama yake utaisoma kwenye bei kivuli.

Dalili: maabara inasema protini haitoshi, na kitatuzi kinasema inatosha

Anza na majedwali. Baadhi huandika virutubisho kwa msingi wa malighafi kama ilivyo, mengine kwa msingi wa malighafi iliyokaushwa kabisa. Soya yenye protini asilimia 44 na ukavu wa asilimia 90 itaandikwa karibu 48.9 kwenye jedwali la pili. Ukiinakili hiyo huku mahindi na mizani yako viko kwenye msingi wa kwanza, kitatuzi kitapunguza soya hadi kilo 223 hivi, na protini halisi ya chakula itakuwa asilimia 15.4. Ukikosa asilimia nzima na ushei namna hiyo, mshuku msingi wa majedwali kwanza.

Upungufu ukiwa mdogo, mara uko mara haupo, chanzo ni kingine. Kitatuzi husukuma protini hadi 165 kamili, kwa kuwa kila gramu ya ziada ina gharama. Ukiwa umetumia wastani wa maabara, basi takriban nusu ya tani zako zitakuwa chini ya 165 hata kama umefanya kila kitu sawasawa. Tuseme protini ya soya hutofautiana kwa mkengeuko wa pointi 1.0 na ya mahindi kwa 0.6. Mahindi ndiyo yanayotikisa zaidi, kwa sababu ni kilo 622 dhidi ya 255: mchango wake ni pointi 0.37, wa soya 0.25, na kwa pamoja, vikitofautiana kila kimoja kivyake, ni 0.45. Kwa hiyo pima mahindi yanayoingia kwa bidii ileile unayoipima soya, na upandishe sharti la protini kutoka 165 hadi 169.5. Hapo tani tano kati ya sita zitafika 165. Angalia tu kwamba sharti lililopandishwa linadai soya zaidi na mafuta zaidi, na kama soya yako imefungwa kwenye kilo 200, kikomo cha mafuta hakitakuruhusu. Katika wiki ya namna hiyo, nunua soya ya dharura, au ushushe nishati.